Barua ya mwalimu anayehamia mafunzo ya wafanyakazi: utatuzi pale tangazo linapotaka sifa usiyonayo

Mwongozo huu unahusu barua ya aina moja: ya mwalimu wa sekondari anayeomba kazi ya Afisa Mafunzo kwenye benki, kampuni ya bima au taasisi ya mikopo, huku tangazo likiwa na sharti moja ambalo hana. Mara nyingi sharti hilo ni uzoefu wa miaka kadhaa wa kufundisha wafanyakazi. Wakati mwingine ni shahada ya rasilimali watu au cheti cha bodi fulani.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja na twende nao hadi mwisho. Kampuni ya bima ya Dar es Salaam inatafuta Afisa Mafunzo. Masharti ni manne: (1) shahada ya rasilimali watu, elimu au fani inayofanana, (2) uzoefu usiopungua miaka 3 katika mafunzo ya wafanyakazi, (3) uwezo wa kuandaa mafunzo na kupima matokeo yake, (4) Kiswahili na Kiingereza fasaha. Mwombaji wetu anafundisha Hisabati na Jiografia Morogoro, ana shahada ya ualimu, miaka 9 darasani, 4 kati ya hiyo akiwa mkuu wa idara. Sharti la pili hana.

Mifano hapa ni ya Kiswahili. Tangazo likiwa la Kiingereza, barua nayo iwe ya Kiingereza. Mpangilio ni ule ule.

Dalili ya 1: Umetuma barua tano, sita, na hakuna hata mmoja aliyejibu

Anza na yale madogo, maana hayachukui hata nusu saa. Je, namba ya kumbukumbu ya tangazo imo kwenye kichwa cha barua? Je, cheo umekiandika kama walivyokiandika wao? Ukiandika "Mkufunzi" na wao wametangaza "Afisa Mafunzo", anayepanga mafaili anaweza kukuweka kwenye rundo jingine. Tuma barua na wasifu vikiwa PDF, kisha vifungue kwenye simu ya mtu mwingine uone kama kurasa hazijaparaganyika. Faili lipe jina lako na cheo unachoomba, lisibaki na jina la "barua mpya 3".

Hayo yakiwa sawa, chanzo cha kwanza kwa wingi ni hiki: barua haikugusa kabisa lile sharti unalokosa. Walimu wengi huliruka kwa matumaini kwamba msomaji hataligundua. Ataligundua, kwa sababu ndiyo kazi yake. Mchujo wa awali kwa kawaida hufanywa kwa jedwali: majina ya waombaji upande mmoja, masharti ya tangazo upande mwingine, na alama kila kisanduku. Anayejaza anaweza kuwa na mafaili mia mbili mezani. Asipoona chochote kuhusu sharti la pili, kisanduku kinabaki tupu, na kisanduku kitupu husomwa kama "hana". Hakuna atakayekutafutia hoja ambayo wewe mwenyewe hukuiandika.

Namna ya kuhakikisha: chapisha tangazo, weka namba kwenye kila sharti, kisha chukua barua yako uandike namba hiyo hiyo pembeni ya sentensi inayolijibu. Sharti likikosa sentensi, chanzo umekipata. Tiba yake ni sentensi mbili: moja inayotaja pengo kwa maneno ya tangazo lenyewe, na nyingine inayoweka ushahidi ulionao badala yake. Mahali pake ni aya ya tatu. Ukizianza barua, msomaji anakutana na upungufu kabla hajakujua. Ukizificha mwishoni, zinaonekana kama jambo ulilokuwa unalikwepa.

Chanzo cha pili ni mistari ya kwanza kuliwa na mazoea. Barua nyingi za walimu huanza hivi:

> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 34, mkazi wa Morogoro, nimeajiriwa kama mwalimu wa sekondari na ninaomba nafasi tajwa kama ilivyotangazwa.

Mistari mitatu imepita na hakuna jambo ambalo halimo tayari kwenye wasifu. Umri na uraia vitoe, isipokuwa tangazo limeviuliza. Sentensi ya kwanza ibebe kazi uliyoifanya ambayo inafanana zaidi na kazi unayoomba. Vivyo hivyo na tamati: "Wako katika ujenzi wa Taifa" ni ya barua za serikali, na kwenye kampuni inamwambia msomaji kwamba barua hii ilinakiliwa kutoka faili la uhamisho. "Wako mwaminifu" inatosha.

Chanzo cha tatu, ambacho ni kigumu zaidi, ni kwamba sharti lenyewe halisameheki. Hapo barua haina la kufanya, na ni vizuri kujua mapema. Nafasi za umma Tanzania zinazopitia Sekretarieti ya Ajira huchujwa kwa sifa za kitaaluma zilizotajwa kwenye muundo wa kada, na ukikosa shahada iliyotajwa, hakuna sentensi itakayoijaza. Tena matangazo yale huwa na kipengele kinachowazuia waliomo tayari kwenye utumishi wa umma kuomba nafasi za kuingilia. Mwalimu wa serikali akisome kipengele hicho kabla ya kufungua akaunti kwenye mfumo wao wa maombi. Kenya, sheria ya wataalamu wa rasilimali watu ya mwaka 2012 inataka anayefanya kazi hiyo kitaalamu awe amesajiliwa na taasisi yao, IHRM. Tangazo likisema cheti hicho ni lazima, linamaanisha hivyo.

Jinsi ya kutofautisha: maneno kama "lazima", "awe amesajiliwa" au "awe na leseni" yanafunga mlango. Maneno kama "uzoefu usiopungua miaka 3" kwenye kampuni binafsi yanaacha upenyo, kwa kuwa ni mwajiri mwenyewe aliyeweka kipimo hicho na anaweza kukilegeza. "Itakuwa sifa ya ziada" si sharti, na barua isipoteze hata mstari kuomba radhi kwa kukosa kitu ambacho hakikudaiwa.

Dalili ya 2: Ulilitaja pengo, wakakujibu "hujakidhi vigezo"

Hapa tukae kidogo, maana ndipo barua nzuri nyingi zinapokufa.

Chanzo cha kawaida ni kuomba msamaha. Soma hii:

> Ingawa sina uzoefu wa kufundisha wafanyakazi kama mlivyoainisha, naomba mnifikirie kwani niko tayari kujifunza na nina moyo wa kujituma.

Sentensi imetaja upungufu, kisha ikaweka ombi mahali palipotakiwa ushahidi. Utayari wa kujifunza kila mwombaji anao, hata yule mwenye miaka yake 3. Kaguzi ni rahisi: pigia mstari maneno "ingawa", "naomba mnifikirie", "japo", "pamoja na upungufu huu". Yakiwa zaidi ya moja, andika aya upya. Neno la kutaja pengo liwe kavu na la mara moja: "Sijawahi kuajiriwa kwa cheo cha Afisa Mafunzo." Nukta. Sentensi inayofuata ianze na "Nimefundisha…" na iwe na namba.

Chanzo cha pili ni kudai kwamba vitu viwili ni kimoja bila kuonyesha. "Nina uzoefu wa miaka 9 wa kufundisha, hivyo nakidhi sharti hili." Mwajiri hakubaliani, na ana sababu. Anapoandika "miaka 3 ya mafunzo ya wafanyakazi" ana mambo manne kichwani. Wanaofundishwa ni watu wazima wenye kazi zao, wengine wakubwa kuliko mkufunzi kwa umri na cheo. Kabla ya kufundisha, mtu alichunguza kwanza tatizo liko wapi, kwa sababu kampuni haina mtaala wa taifa unaomwambia afundishe nini. Muda ni mfupi, saa chache, maana kila saa ya mafunzo ni saa ambayo kazi imesimama. Na mwishoni kuna swali ambalo shuleni huulizwa kwa njia nyingine: je, watu wamebadilika kazini, au wamefurahia chai tu?

Kipimo cha hilo swali la mwisho kinajulikana sana kwenye fani hii. Mtaalamu wa Marekani, Donald Kirkpatrick, alikieleza mwaka 1959 kwa hatua nne: walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, walivyobadili utendaji kazini, na matokeo kwa taasisi. Mtihani wa darasani huishia hatua ya pili. Mwalimu anayeonyesha hata tukio moja la hatua ya tatu, mtu mzima aliyebadili namna ya kufanya kazi baada ya kufundishwa naye, amejibu hofu kubwa ya mwajiri.

Basi tiba ni kuchimba kwenye miaka yako ya ualimu na kutoa kila saa uliyowafundisha watu wazima kuhusu kazi yao. Tanzania chanzo kizuri ni MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kama umekuwa mwezeshaji wa walimu wenzako shuleni au kwenye kituo cha walimu, hayo ni mafunzo ya wafanyakazi kwa maana kamili. Mengine huwa yamesahaulika kabisa: kuwaelekeza walimu wapya, kuwafundisha wenzako kujaza matokeo kwenye kompyuta, kuwaeleza wanachama wa SACCOS namna ya kusoma taarifa ya mkopo, semina ya mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 kama uliiongoza wewe, si kama uliihudhuria.

Mwombaji wetu wa Morogoro alipochimba alipata haya. Kwa miaka 2 aliongoza vikao 22 vya MEWAKA kwa walimu 14 wa shule yake, kila kikao saa 1 na nusu: jumla saa 33. Aliendesha vipindi 2 vya saa 3 kwa wanachama wa SACCOS ya walimu: saa 6. Jumla kuu saa 39. Si nyingi, na barua isijaribu kuzifanya ziwe miaka 3. Lakini zina kitu cha thamani ndani yake. Kabla ya vikao vya matokeo, walimu 5 kati ya 14 waliweza kuandaa matokeo ya darasa kwenye kompyuta bila msaada. Muhula uliofuata waliweza 12. Hiyo ni hatua ya tatu ya Kirkpatrick, imefanyika kwenye chumba cha walimu na ina namba.

Sasa linganisha na ile sentensi ya kuomba msamaha:

> Sijawahi kuajiriwa kwa cheo cha Afisa Mafunzo, na miaka 3 mliyoitaja sina. Nilichonacho ni saa 39 za kufundisha watu wazima kuhusu kazi yao, zikiwemo saa 33 za kuwawezesha walimu wenzangu 14. Nilianza kwa kuwauliza wapi wanakwama, nikaandaa vikao kwa majibu yao. Walioweza kuandaa matokeo kwenye kompyuta peke yao waliongezeka kutoka 5 hadi 12 kwa muhula mmoja.

Pengo limetajwa kwa maneno machache, halafu namba zimefanya kazi. Msomaji mwenye jedwali bado hawezi kuandika "anakidhi", lakini ana kitu cha kuandika kwenye safu ya maoni, na mara nyingi safu hiyo ndiyo inayomwingiza mtu kwenye orodha fupi.

Chanzo cha tatu: ulichimba na hukupata kitu. Inawezekana, hasa kwa mwalimu wa miaka miwili au mitatu. Hapo tatizo si barua, na kuipamba hakutasaidia. Tafuta kikundi cha watu wazima wanaofanya kazi, kama SACCOS, wahudumu wa duka la dawa, makarani wa ofisi ya kata au madereva wa chama chao. Omba saa 3. Wiki moja kabla, waulize maswali matano kuhusu wanapokwama. Fundisha jambo moja tu. Wape swali lile lile la vitendo kabla na baada. Rudi baada ya wiki 4 uangalie nani anaendelea kulifanya. Omba barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa mwenyekiti ikitaja tarehe, idadi na mada. Ukifanya hivyo mara mbili, una aya ya tatu.

Kama unachokosa ni shahada na si uzoefu, kaguzi ni tofauti. Soma tena maneno "au fani inayofanana". Toa matokeo yako ya chuo uone kozi ulizosoma: saikolojia ya elimu, upimaji na tathmini, maendeleo ya mitaala, pengine na elimu ya watu wazima. Zitaje mbili kwa majina yake, ukiziunganisha na sharti la tatu la tangazo. Na kama umeanza kusomea cheti kinachotakiwa, andika umesajiliwa na nani, uko hatua gani, na mtihani unaofuata ni mwezi gani. "Natarajia kusoma" bila tarehe iache.

Dalili ya 3: Mtu wa rasilimali watu amekwambia barua "inasomeka kama ya shule"

Ushahidi upo, lakini umevaa sare. Mwajiri anasoma "azimio la kazi", "maandalio ya somo", "mwalimu wa zamu", "ufaulu umepanda kutoka daraja la tatu hadi la pili", na hajui afanye nini nayo.

Kaguzi: mpe barua mtu ambaye hajawahi kufundisha, labda karani wa benki au fundi, akupigie mstari kila neno alilolipita bila kulielewa. Mara nyingi yatakuwa sita au saba.

Kisha yabadilishe kwa uaminifu. Azimio la kazi ni mpango wa mafunzo wa mwaka wenye malengo na muda, na ukiliita hivyo hujadanganya. Maandalio ya somo ni mpango wa kipindi. Mkuu wa idara, kwa mwombaji wetu, ni msimamizi wa walimu 6 na mwenye dhamana ya ubora wa kazi yao. Kukagua ufundishaji wa mwenzako ukiwa umekaa nyuma ya darasa na kumpa mrejesho ni ufuatiliaji wa utendaji kazini. Kampuni zinaulipia, na walimu wengi hawautaji kabisa.

Lakini tafsiri ina mpaka wake. Wanafunzi wa kidato cha pili wasigeuke "washiriki" wala "wateja wa ndani". Darasa la watoto 60 lisiitwe "programu ya mafunzo ya watu 60". Mtu akiuliza swali moja tu kwenye usaili, jengo lote litaanguka, na ataanza kushuku hata zile saa 39 ambazo ni za kweli. Kanuni nyepesi ni hii: badilisha jina la kazi uliyoifanya, usibadilishe ni nani ulimfanyia.

Matokeo ya mitihani ya taifa yape mstari mmoja au yaache. Yanaonyesha unafundisha vizuri, ila yanavuta macho ya msomaji kurudi shuleni.

Dalili ya 4: Unaitwa kwenye usaili, kisha unaangushwa na swali la kwanza

Swali lenyewe ni "Mbona huna uzoefu wa mafunzo ya wafanyakazi?", na wanaouliza wanaonekana kushangaa. Huo mshangao ndio dalili hasa.

Chanzo kikubwa ni barua na wasifu kutolingana. Barua imesema "uzoefu wa miaka 9 wa mafunzo", wasifu unaonyesha shule tu. Viweke pamoja mezani, soma mwaka kwa mwaka, na kila namba iliyo kwenye barua itafute kwenye wasifu. Zile saa 33 za MEWAKA ziwe na mstari wake chini ya kazi ya ualimu, zikiwa na miaka na idadi ile ile.

Chanzo kingine ni kwamba barua ilijibu vizuri lakini wewe hukuikumbuka. Jibu la mdomo liwe lile lile la aya ya tatu, kwa mpangilio ule ule: pengo kwa sentensi moja, saa, watu, kilichobadilika. Usiongeze. Wakitaka zaidi wataomba, na hapo ndipo unapotoa karatasi ya maswali matano uliyowauliza walimu kabla ya vikao. Karatasi hiyo ibebe siku ya usaili; ikiwa na mikunjo na mwandiko wa mkono haina ubaya.

Dalili ya 5: Barua imevuka ukurasa mmoja

Hesabu mistari inayozungumzia pengo. Ikizidi mitano, unajitetea. Punguza hadi minne au mitano, na nafasi iliyobaki ipe kazi ya kampuni hiyo.

Barua nzima, baada ya matengenezo

> YAH: MAOMBI YA NAFASI YA AFISA MAFUNZO (Kumb. Na. kama ilivyo kwenye tangazo)
>
> Kwa miaka 2 iliyopita nimewawezesha walimu wenzangu 14 kazini kwao, na walioweza kuandaa matokeo ya madarasa yao kwenye kompyuta bila msaada wameongezeka kutoka 5 hadi 12. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuifanya kwa mawakala na wafanyakazi wenu.
>
> Nina shahada ya ualimu, ambamo nilisoma upimaji na tathmini pamoja na maendeleo ya mitaala. Kwa miaka 4 nimekuwa mkuu wa idara nikisimamia walimu 6: ninapanga mafunzo ya mwaka, ninakaa nyuma ya darasa kuangalia utendaji, na ninatoa mrejesho wa maandishi siku hiyo hiyo.
>
> Sijawahi kuajiriwa kwa cheo cha Afisa Mafunzo, na miaka 3 mliyoitaja sina. Nilichonacho ni saa 39 za kufundisha watu wazima kuhusu kazi yao: saa 33 kwa walimu na saa 6 kwa wanachama wa SACCOS, niliowafundisha kusoma taarifa za mikopo yao. Kila mara nilianza kwa kuuliza wapi wanakwama, na nilirudi baadaye kuangalia kilichobaki.
>
> Tangazo lenu linasema mawakala wapya wanatawanyika mikoani. Nikipewa nafasi, ningeanza kwa kukaa na mawakala wachache wanapohudumia wateja, niandike maswali yanayowashinda, kisha niandae kipindi kifupi kwa ajili ya maswali hayo tu.
>
> Naambatisha wasifu, nakala za vyeti, na barua ya uthibitisho kutoka kwa mwenyekiti wa SACCOS. Ninafundisha kwa Kiingereza darasani na kwa Kiswahili kwenye vikao vya watu wazima.
>
> Wako mwaminifu,

Angalia aya ya nne. Ndiyo pekee inayozungumzia kampuni, na imetoka kwenye tangazo lenyewe. Kama tangazo lako halisemi chochote kuhusu kazi ya kila siku, tembelea tawi moja kama mteja na utazame wahudumu wanapokwama kueleza huduma. Aya hiyo ndiyo inayomfanya msomaji asiishie kwenye pengo. Angalia pia kwamba sharti la nne limejibiwa kwa tendo, bila "nina ufasaha wa hali ya juu".

Mahali pa kusimama na kumwona mtaalamu

Simama ukijikuta unafikiria kujaza pengo kwa karatasi isiyo ya kweli: barua ya uthibitisho ya kikao ambacho hakikufanyika, au cheti cha kununua. Kughushi ni kosa la jinai. Uhakiki wa vyeti Tanzania uliotangazwa Aprili 2017 uliwaondoa kazini watumishi wa umma 9,932, na kampuni binafsi nazo huandikia vyuo na baraza la mitihani kuuliza.

Simama kama shahada yako ni ya nje ya nchi na haijatambuliwa. Tanzania mtaalamu wa hilo ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Usieleze ulinganifu wa shahada kwa maneno yako kwenye barua. Pata utambuzi kwanza, kisha uambatishe.

Simama kama umeshatuma barua kumi zilizotengenezwa vizuri, kila sharti limejibiwa, na bado ni kimya. Tafuta afisa rasilimali watu anayechuja maombi kwenye sekta unayoilenga, akae nusu saa na barua moja na tangazo lake. Mwulize swali moja: "Wewe ungeandika nini kwenye kisanduku cha sharti la pili?" Akisema sekta hiyo haichukui mtu bila cheti, acha kurekebisha barua na panga kukisomea, au elekeza maombi kwenye taasisi za mikopo na mashirika ambako wakufunzi wengi wametoka ualimu.

Na usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu usaili ulikwenda vizuri. Subiri mkataba uliosainiwa. Kwa shule binafsi Tanzania Bara, sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Kwa mwalimu wa serikali utaratibu ni mwingine, na wa kumwuliza ni afisa utumishi wa halmashauri yako, kabla hujamwambia mwajiri mpya utaanza lini.